Makopo 45 ya Maziwa

Barua kwa wafadhili tunaiandika mara nne kwa mwaka, mezani katika ofisi ya parokia, sisi watu sita wa kamati ya makao ya watoto hapa Rondo. Padre huketi mwisho wa meza, mama mlezi hushika daftari la stoo, na mhazini hushika kalamu. Wengine ni mzee wa kanisa, mwalimu wa shule ya msingi na muuguzi wa zahanati. Wanaotusomea barua hiyo ni waumini wa parokia moja ya ng'ambo ambao hawajawahi kufika kwetu. Hawajui kwamba uwanda wetu unafika karibu mita 900 juu ya bahari, kwamba usiku wa Juni watoto wanahitaji blanketi ingawa Lindi mjini watu wanalala wamejifunika kanga, wala kwamba mvua za Machi na Aprili zikikolea gari linaweza kushindwa kupanda. Wanachojua ni kile tulichokiandika. Kwa hiyo barua ile imekuwa kwetu mahali pa kujaribiwa imani, na tunataka kuwaeleza ninyi waumini wenzetu barua moja tu, ile ya Februari, jinsi ilivyoandikwa.

Wapo wanaosema kuorodhesha mahitaji ni kumpangia Mungu. Mzee mmoja alituambia waziwazi kwamba anayeomba kwa imani huomba kwa neno moja na kumwachia Bwana hesabu. Tunamheshimu, lakini Mtume Paulo hakuomba hivyo. Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, akiwa kifungoni, anaagiza vazi lake aliloliacha Troa, anataja limeachwa nyumbani kwa nani, anaongeza vitabu, kisha anaonyesha ni vipi kati ya hivyo anavyovihitaji zaidi. Mistari michache baadaye anamhimiza Timotheo afanye bidii afike kabla ya majira ya baridi. Hiyo ni orodha yenye vitu, mahali vilipo, kipaumbele na tarehe ya mwisho. Na Nehemia aliposimama mbele ya mfalme, hakuomba msaada kwa jumla. Aliomba barua za kuwaonyesha watawala njiani, na mbao kutoka kwa mtunza msitu, akasema mbao hizo ni za kazi gani.

Tena, kwa Kanisa letu la kusini jambo hili si geni. Misheni iliyotuletea Injili, ile iliyofika Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Steere, ilikuwa imeanza kazi ya kulea watoto Zanzibar mwaka 1864, Sultani Majid alipomkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliotoka utumwani. Marafiki wa misheni huko Uingereza walichanga kwa ajili ya matunzo ya watoto wa namna hiyo. Kabla yetu, basi, kuna watu walioketi mezani wakaandika wanahitaji nini na kiasi gani.

Februari ile tulikuwa na watoto 30. Mwanzoni mwa Januari, katika kijiji kimoja kisicho mbali nasi, mama mmoja alijifungua mtoto wa kike akafariki. Hatutamtaja mtoto huyo jina wala kijiji chake. Baba hakujulikana alipo. Shangazi aliyekuwa akinyonyesha alikuwa Dar es Salaam na hakuweza kuja. Aliyebaki ni bibi mzaa mama, mwanamke mwenye nguvu bado, analima mbaazi na muhogo na ana mikorosho michache. Alikuja kwetu mtoto akiwa na wiki mbili, amemfunga kifuani kwa kitenge.

Akasema, "Baba Padre, mimi huyu mtoto simtupi. Lakini sina ziwa, na maziwa ya dukani siyawezi. Mchukueni ninyi asije akafa mikononi mwangu."

Hapo ndipo barua ilipokuwa ngumu. Njia nyepesi ilikuwa kumpokea, kuandika watoto 31, na kumweka katika picha. Mtoto mchanga katika barua hufungua mifuko kuliko vitu vyote, hilo tunalijua. Lakini bibi hakuwa ameshindwa kulea. Alikuwa ameshindwa kununua maziwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na makao kama yetu huendeshwa kwa leseni, chini ya macho ya afisa ustawi wa jamii. Tulipomwita afisa huyo alituuliza swali moja: maziwa yakipatikana, kuna sababu gani nyingine ya mtoto kutoka kwa bibi yake? Tukatazamana. Haikuwepo.

Basi muuguzi wetu akaanza kupiga hesabu, na tunaomba mtuvumilie hapa, kwa sababu hesabu hii inaweza kuwafaa siku moja katika parokia zenu. Mtoto ambaye hanyonyi kabisa hutumia takriban kilo 20 za maziwa ya unga ya watoto wachanga katika miezi sita ya kwanza. Hayaliwi sawasawa kila mwezi. Mwezi wa kwanza ni kilo 2, wa pili kilo 3, wa tatu na wa nne kilo 3 na nusu kila mmoja, wa tano na wa sita kilo 4 kila mmoja. Mwezi wa kwanza ulikuwa unakaribia kwisha. Ndugu walikuwa wamechangishana, na padre akamalizia. Zilibaki kilo 18.

Mhazini aliandika "kilo 18, yaani makopo 36", kwa kuwa mwongozo aliokuwa nao muuguzi ulihesabu makopo ya gramu 500. Mama mlezi akamzuia. Akatoka, akarudi na kopo tupu lililotoka dukani Lindi, akamwonyesha maandishi: gramu 400. Kilo 18 katika makopo ya gramu 400 ni makopo 45. Tofauti ya makopo tisa ni kama mwezi mzima wa chakula cha mtoto wa umri ule. Tangu siku hiyo hatuandiki "kopo", "mfuko" wala "katoni" bila kuandika uzito wake pembeni.

Kuna vitu vingine vidogo vilivyopaswa kwenda pamoja na makopo hayo: sufuria moja dogo lenye mfuniko, chupa moja ya chai ya kutunza maji ya moto, na vikombe viwili vidogo. Chupa ya kunyonyea hatukuiomba, kwa sababu chuchu yake ni ngumu kusafisha nyumbani kusiko na maji ya bomba, na mtoto mchanga anaweza kunywa kwa kikombe akishikwa vizuri. Thamani ya vitu hivi vyote haifiki bei ya makopo machache, lakini bila maji yaliyochemka na chombo safi, maziwa yale yale yanaleta kuhara.

Ubishi wa kamati haukuwa juu ya hesabu. Ulikuwa juu ya nafasi. Tulikwisha kuwa na orodha: mafuta ya kula, pedi za wasichana, mahindi ya kufidia upungufu, magodoro 12. Magodoro yalikuwa yamesubiri tangu mwaka uliotangulia, na watoto wa bweni la wavulana walikuwa wakilala wawili wawili juu ya spongi zilizobonyea mpaka mbao zinasikika mgongoni. Mzee wa kanisa alisema kwa upole, lakini bila kuficha:

"Padre, mfadhili anatoa kwa ajili ya makao. Hatoi kwa ajili ya kijiji. Tukimwandikia mtoto asiyelala kwetu, atauliza fedha yake inakwenda wapi. Na hawa wetu wanalala juu ya mbao."

Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa akiwasemea watoto 30 anaowajua kwa majina.

Mwalimu ndiye aliyetuvusha. Alisema tusipange vitu kwa bei wala kwa muda ambao vimesubiri. Kwa kila kitu tuulize swali moja: kikikosekana wiki mbili, kinaharibika nini ambacho hakitengenezeki tena? Tukapita juu ya orodha yote kwa swali hilo. Godoro likikosekana wiki mbili, mtoto analala vibaya wiki mbili zaidi. Ni shida, lakini baadaye anapata godoro na usingizi unarudi. Pedi zikikosekana, msichana anakosa shule siku kadhaa, na masomo ya siku hizo hayarudiwi, basi pedi zikapanda juu ya magodoro. Maziwa ya mtoto wa mwezi mmoja yakikosekana wiki mbili, hakuna wa kumwandikia barua ya pili.

Ndipo tulipoandika orodha katika mafungu matatu, na mafungu hayo bado tunayatumia. La kwanza tuliliita visivyoweza kukatizwa: maziwa ya watoto wachanga ya umri wa chini ya miezi sita, makopo 25 ya gramu 400 kwa Februari hadi Aprili, na taarifa kwamba makopo 20 yatahitajika Mei na Juni, pamoja na sufuria, chupa na vikombe. Tukaandika wazi: mtoto huyu hayumo katika hesabu yetu ya watoto 30, anaishi na bibi yake, na tunaomba abaki huko. Fungu la pili ni vinavyoweza kusubiri wiki chache tu. Humo tuliweka pedi, pakiti 54, kwa kuwa wasichana tisa hutumia pakiti mbili kila mmoja kwa mwezi, na pia mafuta na mahindi. La tatu, vinavyoweza kusubiri mwaka lakini visisahauliwe, yakaingia magodoro 12 ya futi mbili na nusu kwa sita.

Kuhusu mafuta kulikuwa na majaribu madogo ambayo kila anayeandika barua kama hizi anayajua. Kila mtoto tunampangia mililita 25 kwa siku, na watoto 30 kwa siku 91 ni lita 68 na kidogo. Mmoja wetu alisema tuandike lita 100, kwa sababu wafadhili hukata, na anayeomba mia hupata sabini. Tuliandika madumu matatu ya lita 20 na moja la lita 10, yaani lita 70. Anayeongeza ili akikatwa abaki sawa, siku asipokatwa atafanya nini na lita 30 za ziada? Na mfadhili akijua kwamba tunaongeza, atakata hata maziwa. Namba moja ya uongo katika orodha huziambukiza zile za kweli.

Mahindi nayo tuliyaeleza mpaka mwisho. Kwa gramu 400 kwa mtoto kwa siku, tulihitaji karibu kilo 1,100 kwa miezi mitatu, na tunasaga dona, hivyo hakuna kinachopotea cha kutajwa. Parokia ilikuwa imetoa magunia saba ya kilo 100. Tuliyaandika hayo saba kwanza, kisha upungufu wa manne. Hiyo ni sadaka yenu, na tuliona haifai mfadhili afikiri kwamba Rondo inakula kwa mkono wake peke yake. Mbaazi na muhogo hatukuomba kabisa, vipo. Nguo pia hatukuomba. Mzigo wa nguo kutoka ng'ambo hudai ushuru, karatasi na safari ya bandarini, na nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa gharama hiyo fundi wa hapa anashona sare mpya.

Majibu yalichukua wiki tatu. Katika wiki hizo mtoto alikula makopo matano yaliyonunuliwa kwa sadaka ya Jumapili mbili, na wengine mnakumbuka padre alivyotangaza. Mfadhili alijibu kwamba watatoa fungu la kwanza lote, la pili lote, na magodoro yangoje. Lakini waliuliza swali, nasi tunaona walikuwa na haki: mtakujuaje kwamba maziwa yanamfikia mtoto, wala hayauzwi?

Swali lile liliwaudhi wengine kwetu. Paulo lisingemuudhi. Alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu aliwatuma ndugu wanaoaminika pamoja na Tito, maana hakutaka lawama yoyote juu ya fedha ile, si mbele za Bwana tu bali mbele ya watu pia. Tuliwajibu mfadhili kwa mambo mawili. Makopo matupu yatarudishwa kwetu, na kila mwezi tutaangalia kadi ya kliniki. Mtoto wa umri ule akilishwa vya kutosha huongezeka angalau gramu 500 kwa mwezi. Makopo yakiisha na uzito usipande, maziwa yanakwenda pengine. Yasipoisha kwa wakati na uzito usipande, basi yanachanganywa mepesi.

Na lilitokea hilo la pili. Mwisho wa Machi mtoto alikuwa ameongezeka gramu 300 tu. Makopo yaliyotakiwa kuwa matupu yalikuwa karibu tisa, na bibi alileta saba. Maneno yakaanza kupita kijijini, mnajua jinsi yanavyopita. Muuguzi alikwenda kwa miguu, maana njia ilikuwa tope, na kabla ya kuuliza lolote alimwomba bibi amwandalie mtoto chakula mbele yake. Bibi alichemsha maji vizuri, akamimina kwa kipimo, kisha akaweka kijiko kimoja pungufu. Kila mlo kijiko kimoja pungufu. Makopo mawili yaliyofungwa yalikuwa sandukuni, chini ya nguo za marehemu.

"Mwanangu, mvua hizi nazijua," alimwambia muuguzi. "Gari likikwama siku kumi, nitampa nini? Nimemwekea akiba."

Tulikuwa tukimpelekea makopo kila wiki mbili, na yeye alikuwa na akili ya mkulima anayejua kwamba ghala tupu mwezi wa Machi ni kifo. Kumhubiria kungekuwa bure. Makopo manne zaidi yalibebwa mpaka nyumbani kwake wiki ile ile, akayahesabu mwenyewe, akayafungia sandukuni pamoja na yale mawili. Kwa umri ule, makopo sita yalikuwa zaidi ya wiki mbili na nusu. Muuguzi alimweleza kwamba kijiko kinachopungua leo hakiwi akiba, kwa kuwa mwili wa mtoto ndio unaolipa. Aprili mtoto aliongezeka gramu 700.

Mwishoni mwa Aprili tuliketi tena kuandika. Tulikuwa tumetangaza kwamba makopo 20 yatahitajika kwa Mei na Juni, na mfadhili alikuwa tayari na fedha ya 20. Lakini makopo matano ya Februari yalikuwa yamenunuliwa kwa sadaka yenu wakati tukisubiri majibu, kwa hiyo kati ya yale 25 ya mfadhili matano yalikuwa bado yapo. Hakuna aliyeko ng'ambo ambaye angejua. Kwa bei ya dukani, makopo matano yangenunua godoro au zaidi, na wavulana walikuwa bado juu ya mbao. Tulikaa kimya kidogo. Mzee wa kanisa, yule yule, ndiye aliyesema, "Andika 15." Mhazini akaandika 15, na mstari mmoja wa kueleza kwa nini.

Mwezi wa Julai mtoto alianza uji, akaongezewa mbaazi zilizopondwa na mafuta kidogo, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa kutoka kwa jirani. Kopo la mwisho tupu lilirudi likiwa limeoshwa, na bibi aliomba aruhusiwe kulichukua tena awekee chumvi. Katika barua ya Julai tulifuta mstari wa maziwa, tukamwambia mfadhili asitume tena kwa ajili hiyo. Fungu la kwanza likabaki tupu kwa mara ya kwanza. Pedi pakiti 54, mafuta lita 70, mahindi sifuri kwa kuwa mavuno yalikuwa mema, na magodoro 12 yakapanda.

Yaliyofika ni manane. Manne bado yamo katika orodha.